Alama ya kuuliza imepotelea wapi? Kutatua makosa ya ? na ! kwenye viputo vya mazungumzo

Mtoto wa miaka 7 amepewa ukurasa wa picha nne. Asha na Juma wanamtafuta paka, na kila mmoja ana kiputo cha maneno, yaani lile duara lenye mkia unaoelekea mdomoni mwa msemaji. Mtoto ameandika hivi:

Asha: Juma, umemwona paka wangu.
Juma: Sijui yuko wapi?
Asha: Je? utanisaidia kumtafuta.
Juma: Ndiyo!!!
Asha: Lo yule pale juu ya mti!
Juma: Amepandaje.
Paka: Nyau!

Ukihesabu makosa kwa kalamu nyekundu utapata sita, na utashawishika kusema kwamba mtoto huyu anaweka alama ovyo. Haweki ovyo. Manne kati ya hayo sita yana chanzo kimoja, na ukikigusa hicho yanaanguka pamoja. Kwa hiyo kabla ya kusahihisha, angalia ni wapi alama ya kuuliza ilipowekwa na wapi ilipoachwa. Imewekwa penye "wapi" na penye "Je". Imeachwa mwishoni mwa "umemwona paka wangu", pasipo na neno lolote la kuuliza, na mwishoni mwa "Amepandaje", ambapo kiulizi kimejificha ndani ya kitenzi. Mtoto huyu anawinda maneno. Amefundishwa orodha ya nani, nini, wapi, lini, gani na je, naye anaitii orodha hiyo kwa uaminifu kabisa.

Orodha si mbaya, ila inabeba nusu tu ya kazi. Kiswahili kina maswali ya aina mbili, na kila aina ina njia yake ya kujitambulisha. Swali la "Unakwenda wapi?" linatambulika kwa neno, hata likisemwa kwa sauti iliyotulia. Swali la "Mama amerudi?" halina neno wala mpangilio unaolitofautisha na taarifa ya "Mama amerudi." Silabi ni zilezile, kwa utaratibu uleule. Kinachotofautisha ni kiimbo: sauti inapanda karibu na mwisho, hasa kwenye ile silabi ya pili kutoka mwisho. Kwenye karatasi, kiimbo hicho hakina mahali pengine pa kukaa isipokuwa kwenye alama. Ndiyo maana kiputo ni chombo kizuri kuliko sentensi iliyo peke yake kwenye daftari: kina uso, kina msemaji, na kina mtu wa upande wa pili anayesubiri.

Dalili ya kwanza: swali la ndiyo au hapana linaishia na nukta

Hili ndilo kosa linalotokea mara nyingi kuliko yote, na ndilo la kuanza nalo. Usikimbilie kumpa mtoto mazoezi zaidi ya kuandika kabla hujajua kama tatizo liko sikioni au mkononi.

Andaa kadi mbili, moja yenye ? na nyingine yenye nukta. Simama nyuma ya mtoto, kwa sababu nyusi zako zitamtobolea siri. Sema sentensi sita fupi zisizo na neno la kuuliza: Mvua imekwisha. Mtoto amelala? Mlango umefungwa? Kaka amefika. Maji yamechemka? Kitabu kimepatikana. Tatu ziwe maswali, tatu taarifa, na zisipishane kwa mpangilio anaoweza kuukisia. Baada ya kila sentensi anainua kadi. Akipatia tano au sita, sikio lake ni zima, na shida ni kwamba haisikii sauti anapoandika. Akipatia tatu, amebahatisha, na utalazimika kuanzia mdomoni: aseme yeye, wewe ukisie.

Kama sikio ni zima, chunguza namna anavyosoma. Watoto wengi waliozoea kusoma kwa pamoja, darasa zima likifuata, huwa na sauti moja ya kusomea: inakwenda sawasawa hadi mwisho kisha inavutwa. Kwa sauti hiyo "Mama amerudi" ni ileile iwe swali, taarifa au furaha. Mtoto anayejisomea kichwani kwa sauti hiyo hana sababu yoyote ya kuweka ?, kwa kuwa hakuna swali alilolisikia. Dawa yake ni kusoma kwa wawili wawili, kila mmoja akichukua mhusika wake, na kuacha kabisa kusoma viputo kwa pamoja mpaka kiimbo kirudi.

Zoezi linalotibu ni la viputo vitatu. Gawa karatasi ya A4 mara tatu, kisha chora mtoto yuleyule katika hali tatu. Katika picha ya kwanza ameketi ametulia, anamwarifu mwenzake. Katika ya pili ameinua nyusi na kuinamisha kichwa upande mmoja, mbele yake yupo dada yake. Katika ya tatu anakimbia, mikono juu, mdomo wazi. Ndani ya viputo vyote vitatu andika wewe mwenyewe maneno yaleyale, bila alama:

Mama amerudi

Mtoto hana cha kuandika isipokuwa alama. Hili ni la makusudi: katika umri huu kuandika herufi peke yake kunakula umakini mwingi, na ukimtaka aunde maneno, aandike kwa mwandiko mzuri na akumbuke alama kwa pamoja, ni alama itakayoachwa. Akishaweka alama zake tatu, funika picha kwa kipande cha karatasi, ubakize viputo tu. Mwenzake asome kila kiputo kwa kufuata alama pekee, na mwenye karatasi aseme ni picha ipi. Sauti ikienda kwenye picha isiyo yake, mwandishi anabadilisha alama. Haongezi neno, habadilishi picha. Siku mbili au tatu zinazofuata badilisha sentensi: Tumeshinda. Umemaliza. Amekuja na mbwa. "Umemaliza" ni nzuri sana kwa kazi hii, maana mwalimu huisema kwa namna zote tatu kila siku.

Utajua kosa limepona si pale mtoto anapopatia karatasi hii, bali pale anapoandika kiputo chake mwenyewe, anasita mwishoni, na midomo yake inatikisika. Anajaribu sauti. Mwache amalize.

Dalili ya pili: alama ya kuuliza inarukia kila "wapi" na "nani"

Mtoto wa ukurasa wetu ameandika "Sijui yuko wapi?" Huu ni upande wa pili wa sarafu ileile. Neno la kuuliza lipo, lakini Juma haulizi. Anaarifu kwamba hajui.

Kata ukanda wa karatasi wa urefu wa kama sentimita 20 na uandike SIJUI YUKO WAPI kwa herufi kubwa tupu. Herufi kubwa zinakuondolea usumbufu wa Y kubwa na y ndogo, ambao si somo la leo. Kunja mwanzo wa ukanda nyuma ili SIJUI isionekane. Muulize mtoto: huyu anauliza au anaarifu? Anauliza, basi weka kadi ndogo ya ? mwishoni. Sasa kunjua. SIJUI imerudi, na sasa anaarifu. Badilisha kadi iwe nukta. Rudia kwa NAKUMBUKA AMESEMA NINI na NAJUA NI NANI. Kukunja na kukunjua kunaonyesha kwa macho kile ambacho maelezo marefu hayafikishi: alama inatokana na sentensi nzima, si na neno moja ndani yake.

Kipimo cha jibu nacho kinasaidia: chora kiputo cha pili kitupu kando na uulize kama mwenzake anadaiwa jibu. Lakini kipimo hiki kina mpaka wake, na ni vizuri uujue kabla mtoto hajakukamata. "Niambie yuko wapi." inadai jibu, na bado inaishia na nukta, kwa sababu ni ombi. "Umefika?" anayosema mtu akimpokea mgeni mlangoni ni swali kamili, ingawa jibu linaonekana. Sentensi za "Niambie", "Nieleze" na "Aliuliza kama" ziache nje ya mazoezi ya miaka 7. Mtoto akizileta mwenyewe kwenye kazi yake, msahihishie kwa mdomo na mwendelee. Zitarudi kwenye usemi wa taarifa miaka michache baadaye.

"Je" na "-je"

"Je? utanisaidia kumtafuta." Mtoto ameichukua alama kama kofia ya neno Je. Kabla ya kumlaumu kumbuka kwamba ameshaona "Na wewe je?", ambapo alama inaifuata je moja kwa moja na ni sahihi. Tofauti ni mahali: hapo je imefunga sentensi, na alama imekaa mwisho wa sentensi, si mwisho wa je. Ndiyo kanuni ya kumpa, kwa maneno machache: alama ya kuuliza hungoja mpaka msemaji anyamaze. Mwambie aweke kidole kwenye Je, asome mpaka pumzi ya mwisho, na kidole kiteremke pale kilipofika. Baada ya Je ya mwanzo inawekwa koma: Je, utanisaidia kumtafuta?

"Amepandaje." ina shida ya kuona tu. Je imeshikamana na kitenzi, kwa hiyo macho yanayowinda maneno yanaipita. Mpe vitenzi vitano vya namna hiyo (umefikaje, unaitwaje, analalaje, tutavukaje, imevunjikaje) na penseli ya rangi apigie mstari mkia wa kila kimoja. Dakika tano zinatosha. Hapa hakuna la kujadili sana.

Dalili nyingine: kila kiputo kinapiga kelele

"Ndiyo!!!" haitokani na kuwinda maneno. Chanzo chake mara nyingi ni sisi wenyewe tuliomwambia kwamba alama ya mshangao ni ya "kusema kwa nguvu", naye anajua kwamba alama tatu zina nguvu kuliko moja. Kisha ameziona hivyo kwenye mabango na kwenye jumbe za simu za watu wazima, kwa hiyo ushahidi anao.

Badili maelezo. Badala ya nguvu, zungumzia kilichomtokea msemaji: ameshtuka, amefurahi ghafla, ameumia, ameogopa, anaonya. Ikiwa hakuna kilichomtokea, hakuna alama. Mpe sentensi moja, "Njoo hapa", na picha mbili. Katika ya kwanza shangazi ameketi na kitabu, anamwita mtoto asome naye: Njoo hapa. Katika ya pili mtoto anakaribia shimo: Njoo hapa! Zote mbili ni amri, na hilo linazuia kosa lingine linaloenea, la kudhani kwamba kila amri lazima iwe na mshangao. "Tafadhali niletee maji." haihitaji chochote zaidi ya nukta.

Kwa kuzidisha idadi, bajeti ni dawa bora kuliko katazo. Kwenye ukurasa wa viputo vinane, mpe vibandiko viwili tu vya ! vilivyokatwa tayari. Atalazimika kuchagua ni nani aliyeshtuka kweli, na mjadala wa kuchagua ndio somo lenyewe. Utamsikia akisema, "Hapana, huyu amefurahi kidogo tu." Usiingilie hata kama chaguo lake si lako. "Ndiyo" ya Juma inaweza kuwa na nukta au na alama moja ya mshangao, kutegemea uso aliochora. Alama tatu ndizo hazina nafasi.

Kwenye "Lo yule pale juu ya mti!" kilichopungua ni alama baada ya kiingizi. Lo, Ala, Ebo, Salaale na wenzao husimama peke yao: Lo! Yule pale juu ya mti! Wapo wanaoandika koma baada ya Lo na kuacha mshangao mwishoni, na hiyo pia inakubalika. Chagua namna moja kwa darasa lako na uishikilie muhula mzima, kwa sababu mtoto wa umri huu akiona namna mbili huhitimisha kwamba hakuna kanuni.

Kagua karatasi yako kabla ya kumkagua mtoto

Wakati mwingine mtoto anajua kila kitu na ukurasa ndio uliomwangusha. Mambo mawili hutokea mara kwa mara.

La kwanza ni nafasi. Kiputo kilichochorwa kabla ya maneno huwa kidogo, herufi za mtoto ni kubwa, na maneno yanafika ukingoni kabla ya alama. Ukiona mwandiko unabanana na kupanda juu kuelekea mwisho wa kiputo, na alama haipo, usihitimishe kwamba hajui. Mpe sentensi ileile kwenye kiputo cha ukubwa maradufu. Alama ikirudi, umepata jibu. Kuanzia hapo afuate utaratibu huu: aandike maneno kwanza, aweke alama, ndipo achore kiputo kuzunguka vyote, na mkia mwisho kabisa.

La pili ni mpangilio. Macho yanasoma kutoka kushoto kwenda kulia na kutoka juu kwenda chini. Ukiweka kiputo cha Juma mwenye jibu juu kushoto, na cha Asha mwenye swali chini kulia, mtoto atasoma jibu kwanza. Swali litakapofika tayari limeshajibiwa, na ataliandikia nukta kama mtu anayerudia habari. Anayeanza kusema awe juu zaidi na kushoto zaidi, hata kama itabidi wahusika wabadilishane upande, na mikia ya viputo isipishane.

Na ukiona alama ya kuuliza imegeuka kuelekea upande mwingine kama kwenye kioo, ipitie tu: chora ? kubwa hewani mara kadhaa, ukianzia juu kushoto, nundu kulia, kisha shina, kisha nukta juu ya mstari. Kugeuza herufi na alama bado ni kawaida katika umri huu.

Viputo vinapoondolewa, alama inahama

Wiki kadhaa za viputo zimepita, alama zimekaa vizuri, kisha mnahamia kwenye hadithi. Mtoto anaandika: Umemwona paka wangu aliuliza Asha? Alama imekimbilia mwisho wa mstari. Sababu inaeleweka: umemfundisha kwamba hungoja mpaka msemaji anyamaze, naye ameiona sentensi ikiishia kwa Asha. Hajatambua kwamba aliyesema "aliuliza Asha" ni msimuliaji, si Asha.

Kata kiputo. Kwa mkasi kabisa, kutoka kwenye ukurasa wake wa zamani, maneno na alama yake vikiwa ndani. Kibandike mwanzoni mwa mstari mtupu wa daftari, kisha aendeleze kwa mkono wake: aliuliza Asha. Sasa inaonekana wazi kuwa ? imefungiwa ndani ya kiputo na haiwezi kutoka, na kwamba maneno ya msimuliaji yana nukta yao. Fanya hivyo kwa viputo vitatu au vinne. Kwenye kinachofuata, badala ya kubandika, aandike maneno ya kiputo kwenye mstari na achore duara jembamba la penseli kuyazunguka. Kisha futa duara kwa kifutio, ubakize vipande viwili vidogo tu vya ukingo wake, kimoja mwanzoni na kimoja mwishoni, juu ya mstari. Vipande hivyo ndivyo alama za kunukuu:

"Umemwona paka wangu?" aliuliza Asha.
"Sijui yuko wapi," alijibu Juma.

Mstari wa pili una koma mahali pa nukta, na watoto wengi watauliza kwa nini nukta ya kiputo imebadilika ilhali ? haikubadilika. Jibu la kuwatosha ni kwamba nukta inasimamisha kila kitu, na msimuliaji bado hajamaliza, kwa hiyo inampisha na kuwa koma; ? na ! zinabeba sauti ya msemaji, na zikiondoka sauti nayo inapotea. Wasomee mistari yote miwili mkiwa mmefunika maneno ya msimuliaji, kisha wape mstari wa tatu waumalize wenyewe, ambao una neno moja tu ndani ya alama za kunukuu: paka aliye juu ya mti amesema Nyau, na mtoto aamue kama ameogopa, ameuliza, au amejibu tu.